Maziwa hayatozwi VAT, lakini faida yake ina ushuru

WAFUGAJI wengi wa ng'ombe wa maziwa huamini kwamba mazao ya shamba hayalipiwi ushuru. Dhana hiyo ndiyo aliyoanza nayo mhasibu mmoja alipohutubia wanachama wa chama chao cha ushirika katika mkutano wa kila mwaka, na alisema ni kweli nusu tu.

Kweli ni kwamba maziwa mabichi, mayai, mifugo hai, mboga, matunda na nafaka ambazo hazijasagwa zimesamehewa ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT. Mkulima haongezi asilimia 16 juu ya bei anapouza. Msamaha huo hufuata hali ya bidhaa wala si jina la muuzaji: ushirika ukigeuza maziwa yale yale kuwa maziwa ya mtindi yenye ladha, msamaha hauyafuati. Aidha, aliyesamehewa hawezi kudai kurejeshewa VAT aliyolipa yeye mwenyewe, kwa mfano kwenye saruji ya kujengea zizi.

Lakini ushuru wa mapato ni jambo jingine kabisa. Sheria huihesabu faida ya kilimo kuwa mapato ya biashara, sawa na ya duka au matatu. Hapa ndipo minong'ono ilipoanza ukumbini, na mhasibu akaamua kupiga hesabu ubaoni.

Alimchukua mfugaji aliyepeleka lita 36,000 mwaka wa 2024 kwa bei ya Sh45 kila lita. Mauzo yake ni Sh1,620,000. Akaonya kwamba hesabu huanzia hapo, si kwenye pesa zinazoingia benki baada ya ushirika kukata deni la chakula cha mifugo. Wengi hukosea kwa kuitazama ile pesa ya mwisho.

Kwa kuwa mauzo yamepita Sh1 milioni na hayajafika Sh25 milioni, mfugaji huyo huangukia kodi ya mauzo, maarufu kama TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Atalipa Sh48,600 kwa mwaka, kidogo kidogo kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii haiulizi gharama. Ng'ombe wakifa au chakula kikipanda bei, inabaki pale pale.

Hata hivyo, anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa ushuru akichagua kulipa kwa njia ya kawaida, yaani kwa faida. Tuseme gharama zake ni Sh1,240,000. Faida ni Sh380,000. Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh28,800. Sh92,000 zilizosalia hutozwa asilimia 25, ambayo ni Sh23,000. Jumla ni Sh51,800. Akiondolewa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800, analipa Sh23,000 tu, chini ya nusu ya ile kodi ya mauzo.

Kisha mhasibu akafuta tarakimu moja. Je, mfugaji huyo akiwa na stakabadhi za Sh700,000 pekee? Faida mbele ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) inakuwa Sh920,000, na kwa kuwa kiasi kinachozidi Sh388,000 hutozwa asilimia 30, ushuru unaruka hadi Sh184,600. Pesa alizitumia kweli, ila hana cha kuonyesha. Mtu wa namna hiyo ni heri abaki kwenye kodi ya mauzo.

Na si kila karatasi inayokubalika. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya kawaida ya biashara hukubaliwa ikiwa na ankara ya eTIMS, hivyo anayenunua dawa au chakula cha mifugo ataje PIN yake dukani. Swali gumu liliulizwa na mama mmoja: nyasi anazonunua kwa jirani asiye hata na duka je? Jibu lilikuwa kwamba mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yanamtaka mnunuzi mwenyewe atoe ankara kwa niaba ya mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni. Ushirika nao hufanya hivyo unapopokea maziwa ya wanachama wa kiwango hicho, na kwa njia hiyo KRA huyaona mauzo ya kila mmoja.

Mwenye ng'ombe wawili anayeuza lita 7,000 kwa mwaka hupata Sh315,000. Yuko chini ya kiwango cha kodi ya mauzo, na gharama zikitolewa, faida yake haifiki Sh288,000, kwa hivyo nafuu ya kibinafsi humeza ushuru wote. Bado, ikiwa ana PIN, anapaswa kuwasilisha taarifa ya mapato kufikia Juni 30. Tofauti ni kwa mwalimu au karani anayefuga: nafuu hiyo tayari imetumika kwenye mshahara wake, na faida ya maziwa hupangwa juu ya mshahara huo.