Mzigo uko bohari lakini mwenyewe yuko ng'ambo: Masharti ya umiliki na malipo

MFANYABIASHARA wa jumla anayeagiza bidhaa kutoka Ulaya hupokea ankara yenye bei na idadi ya bidhaa, na pamoja nayo kurasa mbili au tatu za maandishi madogo zinazoitwa masharti ya jumla ya mauzo. Wengi huzitia faili bila kuzisoma. Hata hivyo, ndani ya kurasa hizo mna vifungu viwili ambavyo huamua ni nani mwenye mali iliyo bohari na ni lini hasa deni linaiva. Vifungu hivyo hufanya kazi pamoja, na anayesoma kimoja akaacha kingine huwa hajaelewa chochote.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Nairobi anayeagiza pampu za maji za thamani ya euro 40,000 kutoka kiwanda kimoja nchini Ujerumani. Wamekubaliana kwamba asilimia 30, yaani euro 12,000, italipwa kabla ya mzigo kuondoka. Euro 28,000 zilizosalia zitalipwa katika muda wa siku 60. Bei ni ya CFR Mombasa, maana yake muuzaji hulipa nauli ya meli hadi bandarini. Bima imeachiwa mnunuzi, kwa kuwa tangu Januari 2017 waagizaji wa Kenya wametakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni za humu nchini.

Masharti ya kiwanda hicho yanasema kwamba bidhaa zitaendelea kuwa mali ya muuzaji hadi mnunuzi atakapolipa bei yote. Kifungu cha aina hiyo si hila wala si kigeni. Sheria ya Kiraia ya Ujerumani inakitambua katika ibara ya 449: umiliki utahama, ila tu sharti la malipo kamili litakapotimia. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, nayo pia humruhusu muuzaji kujihifadhia haki juu ya bidhaa mpaka masharti yake yatimizwe.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba umiliki na hasara havisafiri pamoja. Chini ya CFR, hatari ya mzigo kupotea au kuharibika humhamia mnunuzi pindi bidhaa zinapopakiwa melini katika bandari ya kuondokea. Basi meli ikishika moto baharini, pampu zilizoungua zilikuwa bado mali ya kiwanda, lakini mnunuzi ndiye atakayedaiwa euro 28,000 zilizosalia. Hawezi kujitetea kwamba mali haikuwa yake. Ndiyo sababu bima sharti ianze kufanya kazi pale mzigo unapopakiwa, wala si unapowasili Mombasa.

Sasa tugeukie siku 60 za malipo. Swali la kwanza la kuuliza ni siku hizo zinahesabiwa kuanzia wapi. Masharti mengi husema "kuanzia tarehe ya ankara". Tuseme ankara iliandikwa Machi 3, meli ikang'oa nanga Hamburg Machi 10 na kutia nanga Mombasa Aprili 24 baada ya siku 45 za safari. Ushuru ukalipwa, ukaguzi ukafanywa, na kasha likatoka bandarini Mei 4. Siku 60 tangu Machi 3 zilikwisha Mei 2. Mfanyabiashara huyu aliyedhani amepewa mkopo wa miezi miwili alikuwa tayari amechelewa siku mbili kabla hajaiona pampu hata moja.

Laiti kifungu kingesema siku 90 tangu tarehe ya hati ya shehena, tarehe ya mwisho ingekuwa Juni 8, naye angepata zaidi ya mwezi mmoja wa kuuza. Mabadiliko hayo ni ya maneno machache tu, na muuzaji anayemthamini mteja wake huyakubali mara nyingi. Lakini hayakubali asipoombwa, na wakati wa kuomba ni kabla ya oda kuthibitishwa. Baada ya hapo, kukaa kimya na kulipa malipo ya awali huchukuliwa kwa urahisi kuwa ni kukubali kila kilichoandikwa.

Kuchelewa kuna bei yake. Kwa mujibu wa ibara ya 288 ya sheria hiyo ya Ujerumani, deni baina ya wafanyabiashara hutozwa riba ya pointi tisa za asilimia juu ya kiwango cha msingi, ambacho hutangazwa na benki kuu ya nchi hiyo kila Januari na Julai. Kiwango cha msingi kikiwa asilimia 1, riba itakuwa asilimia 10 kwa mwaka. Deni la euro 28,000 likichelewa siku 30 litazaa takriban euro 230, mbali na ada maalumu ya euro 40. Aidha, ikiwa siku ya malipo inaweza kuhesabiwa kwenye kalenda, muuzaji halazimiki kutuma barua ya kumkumbusha mdaiwa ndipo riba ianze. Malipo nayo huhesabiwa kuwa yamefanyika pesa zinapofika katika akaunti ya muuzaji. Benki za katikati zikikata ada njiani, zikafika euro 27,960, basi euro 40 zinazosalia bado ni deni.

Na hapo ndipo vifungu viwili vinapokutana. Deni hilo dogo la euro 40 linatosha kuuzuia umiliki usihame, kwa kuwa bei yote haijalipwa. Kwa sababu hiyo ni vyema mnunuzi aiagize benki yake kwamba ada zote zitatozwa upande wake.

Riba, hata hivyo, si adhabu kali kuliko zote. Masharti mengi huongeza kwamba mnunuzi akichelewesha ankara moja, ankara zake nyingine zote huiva papo hapo na ruhusa yake ya kuendelea kuuza bidhaa hukoma. Je, muuzaji anaweza kutuma lori kesho yake kuchukua pampu? La. Ibara ile ile ya 449 inasema hawezi kudai bidhaa zirudishwe kabla hajajiondoa katika mkataba, na kwa kawaida hujiondoa baada ya kumpa mdaiwa muda wa ziada wa kulipa. Barua inayoweka muda huo ndiyo dalili ya hatari. Ikifika, haifai kungoja hadi mwisho wa mwezi kuijibu.

Vifungu vyenyewe vina daraja tatu. Daraja la kwanza ni lile tulilolieleza: pampu za ankara hii ni za muuzaji hadi ankara hii ilipwe. Daraja la pili hupanua deni: pampu za ankara hii hubaki mali ya muuzaji hadi madeni yote yaliyopo baina yao yalipwe. Mfanyabiashara aliyemaliza kulipia mzigo wa Januari lakini anadaiwa wa Machi hana pampu hata moja iliyo yake kwa ukamilifu. Daraja la tatu hufuata mali hata baada ya kuuzwa: mnunuzi anaruhusiwa kuwauzia wenye maduka, lakini madai yake dhidi ya wenye maduka hao humilikiwa na kiwanda tangu mwanzo kama dhamana.

Daraja hilo la tatu lilipata umaarufu kutokana na kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1976. Kampuni ya Uholanzi ilikuwa imeiuzia kampuni ya Kiingereza, Romalpa, karatasi za alumini chini ya masharti yake ya jumla. Romalpa ikaanguka ikiwa na deni la zaidi ya pauni 120,000. Mahakama iliamua kwamba Waholanzi wachukue karatasi zilizokuwa bado bohari, na pia pauni 35,000 hivi zilizotokana na karatasi zilizouzwa, kwa kuwa fedha hizo zilikuwa zimetengwa katika akaunti yake. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya kampuni ya mazulia ya Bond Worth, muuzaji wa nyuzi alishindwa. Baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeshafumwa, na mahakama ikasema kwamba kifungu chake kilikuwa dhamana tu, na dhamana isiyosajiliwa haina nguvu mbele ya wadai wengine.

Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Kenya, ingawa huwashawishi. Lakini funzo la Bond Worth lina mwangwi hapa nchini. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017 hutazama kazi ya makubaliano badala ya jina lake, na imeanzisha daftari la kielektroniki ambamo dhamana za aina hiyo huandikishwa. Isitoshe, haki juu ya kitu huamuliwa kwa sheria ya mahali kilipo. Mkataba unaweza kusema unafuata sheria ya Ujerumani, lakini pampu zilizo katika bohari la Nairobi zikigombewa na kiwanda na benki, suala la nani ana haki ya kwanza litaamuliwa kwa sheria ya Kenya. Muuzaji wa ng'ambo asiyejiandikisha huenda akajikuta nyuma ya benki.

Mnunuzi asishangilie haraka. Iwapo amechukua mkopo wa benki kwa dhamana ya bidhaa zake zote, huenda alitia sahihi tamko kwamba bidhaa hizo ni mali yake, bila mwingine kuwa na haki juu yake. Wakati huo huo, ameahidi kiwanda kwamba bidhaa hizo hizo ni za kiwanda. Ahadi mbili kama hizo haziwezi kuwa kweli zote, na benki ikigundua inaweza kudai mkopo wote ulipwe mara moja. Afadhali meneja wa mkopo aonyeshwe masharti ya kiwanda kabla ya sahihi kutiwa.

Mwenye duka wa Machakos aliyenunua pampu tano kwa nia njema na kulipa hana la kuhofia. Kifungu chenyewe kiliruhusu mauzo ya kawaida, na sheria ya uuzaji wa bidhaa humlinda mnunuzi wa namna hiyo. Hali ni tofauti iwapo alizichukua kwa mkopo. Anaweza kupokea barua kutoka Ujerumani ikimtaka alipe huko badala ya Nairobi. Mfanyabiashara wetu atapoteza heshima kwa wateja wake hata kama deni litalipwa baadaye.

Kwa hivyo, anayejadiliana ana maombi matatu yenye uzito. Siku za malipo zihesabiwe tangu tarehe ya hati ya shehena. Uhifadhi wa umiliki ukomee kwenye ankara inayohusika, usivuke hadi madeni mengine. Na wateja wake wasiandikiwe barua kabla hajapewa notisi, tuseme ya siku 14. Kiwanda kikikataa ombi la pili, kama vingi vinavyofanya, basi bohari lenyewe lipangwe ili namba ya kila pampu ioanishwe na ankara yake. Siku ya mgogoro, asiyeweza kuonyesha pampu ipi ni ya mzigo uliolipiwa atapata taabu kuitetea.