Tabaka la tafsiri: mchezo wa Windows kwenye kompyuta ya Mac

Tabaka la tafsiri ni programu inayokaa kati ya mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Windows na mfumo endeshi wa macOS, ikipokea maombi ya mchezo na kuyatimiza kwa njia ambazo Mac inazielewa. Linalojulikana zaidi ni Wine, mradi huria ulioanza mwaka 1993 kwa watumiaji wa Linux, ukafikia toleo la 1.0 mwezi Juni 2008. Kampuni ya CodeWeavers ya Marekani, mchangiaji mkubwa wa mradi huo, huuza Wine iliyoandaliwa kwa Mac kwa jina la CrossOver. Mwezi Juni 2023 Apple nayo ilitoa Game Porting Toolkit, ambayo ndani yake mna Wine pamoja na sehemu mpya ya michoro iitwayo D3DMetal.

Tabaka hili halifanyi kazi kama mashine pepe. Mashine pepe huwasha Windows nzima ndani ya dirisha, nayo Windows huendesha mchezo. Wine haina Windows hata chembe. Inachukua faili la .exe, inalipakia kwenye kumbukumbu, kisha inalipatia maktaba zilezile linazozitafuta, kama ntdll.dll na kernel32.dll, ila zimeandikwa upya. Mchezo ukiomba kufungua faili lililoko C:\, Wine hufungua faili lililo katika folda ya kawaida ya Mac iitwayo drive_c. Ukiuliza jambo kwenye sajili ya Windows, jibu linasomwa katika faili la maandishi, system.reg au user.reg. Seti moja ya folda hiyo na sajili yake huitwa chupa katika CrossOver, na ni busara kila mchezo mzito ukawa na chupa yake, ili marekebisho ya mmoja yasiharibu mwingine.

Kwenye Mac zenye vichakataji vya Apple, yaani kuanzia M1 ya Novemba 2020, kazi hiyo haitoshi. Mchezo umeandikwa kwa lugha ya vichakataji vya Intel na AMD, ambayo M1 na wenzake hawaijui. Hapo ndipo inapoingia Rosetta 2 ya Apple, inayogeuza maagizo hayo wakati mchezo unakimbia. Bado kuna suala la picha: michezo ya Windows huchora kwa DirectX, na Mac huchora kwa Metal. Kwa hiyo mchezo mmoja hupita katika tafsiri tatu kwa pamoja: ya maombi kwa mfumo, ya maagizo ya kichakataji na ya michoro. Mtu anayelalamika kwamba mchezo hauendi bila kujua ni ipi kati ya hizo tatu iliyokwama atabadilisha mipangilio usiku kucha bila kufika popote.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa makini ni Elden Ring, mchezo wa kampuni ya Kijapani ya FromSoftware uliotoka Februari 2022. Hauna toleo la Mac, unatumia DirectX 12, na una programu ya kuzuia udanganyifu iitwayo Easy Anti-Cheat. Mambo hayo matatu yanaugusa karibu kila mpaka wa teknolojia hii.

Maandalizi yenyewe si marefu. Rosetta huwekwa kwa amri moja kwenye Terminal:

```
softwareupdate --install-rosetta
```

Baada ya hapo hutengenezwa chupa mpya ya Windows 10 ya biti 64 ndani ya CrossOver, na Steam ya Windows huwekwa humo. Steam ya Mac haisaidii, maana itasema mchezo haupatikani kwa mfumo huu. Mchezo ukishapakuliwa, na watengenezaji wanataka nafasi ya GB 60, kwenye mipangilio ya chupa huchaguliwa D3DMetal kuwa njia ya michoro. Chaguo hili lina uzito kuliko yote mengine. DXVK, ambayo ni njia ya zamani zaidi, hugeuza DirectX kwenda Vulkan, kisha maktaba nyingine iitwayo MoltenVK hugeuza Vulkan kwenda Metal. Huo ni mzunguko wenye vituo viwili, na DXVK yenyewe inaishia DirectX 11. D3DMetal hugeuza DirectX 11 na 12 moja kwa moja kwenda Metal. Kwa hiyo Elden Ring kwenye DXVK haitafika hata kwenye ukurasa wa mwanzo, na kosa halitakuwa la mchezo wala la kompyuta.

Kitakachoonekana mwanzoni hata mambo yakienda sawa ni kukwama kwa nusu sekunde hapa na pale, hasa mchezaji anapoingia eneo jipya au adui anapotoa moto kwa mara ya kwanza. Sababu yake ni vijiprogramu vya kuchora, vile vinavyoamua mwanga na rangi ya kila kitu. Mchezo umekuja navyo katika muundo wa DirectX, na kila kimoja lazima kigeuzwe kuwa cha Metal kabla ya kutumika. Elden Ring imewekewa kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu, na ugeuzaji wa kijiprogramu kimoja kizito huzimeza zote. Kikishageuzwa huhifadhiwa, kwa hiyo kupita tena mahali palepale huwa laini. Ndiyo maana kuuhukumu mchezo kwa dakika kumi za kwanza ni kuuonea. Tuseme haki pia: mchezo huu ulikuwa na mikwamo hata kwenye Windows yenyewe ulipotoka, na si kila tatizo ni la kulitupia tabaka.

Mtu anayetaka kuona badala ya kukisia anaweza kuanzisha chupa ikiwa na kigeu hiki cha mazingira, kitakachoonyesha kibao cha vipimo vya Metal pembeni mwa skrini:

```
MTL_HUD_ENABLED=1
```

Mstari wa muda wa fremu ukiwa umetulia kisha unaruka ghafla na kurudi, hiyo ni kazi ya vijiprogramu, na dawa yake ni kuendelea kucheza. Ukiwa juu muda wote, kitengo cha michoro kimezidiwa na inafaa kupunguza ukubwa wa picha. Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi, pale mchezo unapoanza vizuri kisha unazidi kuwa mzito kadiri muda unavyokwenda. Hiyo kwa kawaida ni kumbukumbu. Elden Ring kwenye Windows inataka angalau GB 12 za kumbukumbu ya kompyuta pamoja na kadi ya michoro yenye GB 3 zake peke yake. Kwenye Mac za Apple vyote viwili vinachota katika bwawa moja, ambalo pia linalisha macOS na matabaka yote ya tafsiri. Mac ya GB 8 italazimika kuhamishia data kwenye diski, na grafu ya Memory Pressure katika Activity Monitor itageuka njano au nyekundu. Hakuna mpangilio wa chupa unaoongeza kumbukumbu. Kwa mashine hiyo, mchezo huu ni wa kuacha.

Hitilafu za kichakataji zina sura yake. Baadhi ya michezo hutumia maagizo ya aina ya AVX, ambayo Rosetta haikuyajua hadi macOS 15 ya mwaka 2024. Kwenye mfumo wa zamani mchezo kama huo hufungwa mara unapoanza, na kumbukumbu za Wine huonyesha maneno haya:

```
Unhandled exception: illegal instruction in 64-bit code
```

Hapo kubadilisha njia ya michoro ni kupoteza muda, kwa sababu kilichogoma hakihusiani na picha. Kilichobaki ni kusasisha macOS. Tofauti kabisa ni ujumbe wa import_dll unaotaja faili fulani la .dll na kusema halikupatikana. Huo ni upungufu wa maktaba tu, mara nyingi ile ya Visual C++ ya Microsoft, na huisha kwa kuiweka ndani ya chupa hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe, yaani programu ya kuzuia udanganyifu. Mchezaji akibofya kitufe cha kucheza katika Steam, kinachoanza si mchezo bali faili liitwalo start_protected_game.exe, ambalo kazi yake ni kuiamsha Easy Anti-Cheat. Programu za namna hii hutaka kushuka hadi kwenye kiini cha Windows na kuchungulia kumbukumbu ya programu nyingine zote. Wine ni programu ya kawaida kwa macho ya macOS. Haina kiini cha Windows cha kuzipa, na macOS haipokei viendeshi vya Windows. Hata kama ingeweza kujifanya inacho, programu ya ulinzi ingeona mazingira yasiyofanana na Windows halisi, na kazi yake ni kuyatilia shaka mazingira kama hayo.

Hata hivyo, ukuta huu kwa sehemu umejengwa na uamuzi wa biashara. Mwaka 2021 Easy Anti-Cheat ilifungua mlango kwa Proton, tabaka la Valve lililojengwa juu ya Wine kwa ajili ya Linux, na Elden Ring inachezwa mtandaoni kwenye kifaa cha Steam Deck. Mlango huo ni wa Linux. Wine ya Mac haimo. Valorant ya Riot, yenye mlinzi wake aitwaye Vanguard, haina mlango wa aina hiyo popote, na mtu wa Mac asipoteze hata dakika moja kwayo.

Kwa Elden Ring ipo njia halali ya kucheza peke yako: kuanzisha faili la mchezo lenyewe, eldenring.exe, bila kumwamsha mlinzi. Mchezo hautaunganishwa na seva, hivyo hakuna ujumbe wa wachezaji wengine chini, hakuna kuitana kusaidiana, hakuna uvamizi. Steam lazima iwe imewashwa ndani ya chupa hiyo, na kwenye folda ya Game liwepo faili dogo lenye namba ya mchezo, amri zikianzia ndani ya folda ya chupa:

```
cd "drive_c/Program Files (x86)/Steam/steamapps/common/ELDEN RING/Game"
echo 1245620 > steam_appid.txt
```

Mtu aliyenunua mchezo kwa ajili ya kucheza na rafiki zake hatapata alichokitaka, na ni bora ajue hilo kabla ya kupakua GB 60. Kwa anayetaka safari yake mwenyewe, sehemu kubwa ya mchezo ipo palepale. Maendeleo yake yanakaa katika ER0000.sl2, ndani ya AppData/Roaming/EldenRing ya chupa. Faili hilo linakiliwe mahali pengine kabla ya kufuta chupa yoyote, maana chupa ikifutwa linaondoka nayo.

Mpaka mwingine uko mbele. Mwezi Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta itaendelea kwa ukamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo itabaki sehemu yake tu kwa ajili ya michezo ya zamani isiyotunzwa tena. Wine inaweza kuandikwa kwa vichakataji vya Apple moja kwa moja, lakini mchezo wenyewe utabaki katika lugha ya Intel, na itabidi mwingine aifanye kazi ya Rosetta. Kwenye Linux mfasiri wa namna hiyo yupo tayari, mradi huria uitwao FEX.