Swali la Jakob, jibu la Leibniz: mlinganyo wa Bernoulli ulivyonyooshwa

Msomaji, ukitaja jina Bernoulli mbele ya fundi wa ndege au wa mabomba, atakuambia habari za shinikizo na mwendo wa maji. Huyo ni Daniel, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1738. Leo simzungumzii yeye. Namzungumzia baba yake mkubwa, Jakob, mwalimu wa hisabati kule Basel, Uswisi, na swali moja alilolitupa hadharani mwaka 1695. Jina la Jakob limebaki kwenye swali hilo hadi leo, ingawa njia tunayofundishwa ya kulijibu ni ya mtu mwingine.

Siku hizo kulikuwa na jarida la wasomi mjini Leipzig, likiitwa Acta Eruditorum. Mwanahisabati akipata fumbo gumu alilichapisha humo na kuwapa wenzake changamoto. Jakob aliandika mlinganyo wenye umbo hili (hapa nimeuandika kwa alama za kisasa):

```
dy/dx + p*y = q*y^n
```

Hapo p na q hutegemea x peke yake. Kama ule upande wa kulia ungekuwa q tu bila y, mlinganyo ungekuwa wa mstari, na wa aina hiyo Leibniz alikuwa tayari anajua kuutatua. Tatizo ni kile kipeo n. Ukiongeza y mara mbili, upande wa kushoto unaongezeka mara mbili, lakini wa kulia unaongezeka mara nne kama n ni 2, au mara nane kama n ni 3. Mizani inaharibika, na mbinu za mstari hazishiki tena.

Jibu la Leibniz lilikuja mwaka 1696, na lilikuwa fupi. Tuufuate mwendo wake. Kwanza gawanya kila kitu kwa y^n:

```
y^(-n)*dy/dx + p*y^(1-n) = q
```

Sasa itazame vizuri ile y^(1-n). Ipe jina jipya, v. Kasi ya mabadiliko ya v ni (1-n)*y^(-n)*dy/dx, na hicho ndicho kipande cha kwanza hapo juu, kikiwa kimezidishwa kwa namba (1-n). Kwa hiyo ukizidisha mlinganyo wote kwa (1-n) unapata:

```
dv/dx + (1-n)*p*v = (1-n)*q
```

Kipeo kimetoweka. Mlinganyo ni wa mstari. Utatue upate v, kisha rudi kwa y. (Kama n ni 0 au 1, huhitaji haya yote, maana mlinganyo ulikuwa wa mstari tangu mwanzo.)

Mwaka 1697 Johann, mdogo wake Jakob, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Groningen, Uholanzi, alileta njia yake. Yeye aliiandika y kama zao la vitu viwili, halafu akakichagua kimoja kwa namna ya kufuta kipande kinachosumbua. Njia yake ni sahihi kabisa. Ndugu hawa wawili walikuwa wakishindana vikali mbele za watu, na kila swali lililochapishwa lilikuwa uwanja wa kupimana nguvu. Lakini katika vitabu vingi ni ule mkato wa Leibniz uliobaki, na mimi ninayeandika programu kwa riziki yangu naona kuna sababu nzuri. Haurahisishi hesabu tu, bali unaonyesha pia jambo ambalo y yenyewe inaficha.

Hebu tuchukue mfano. Fikiria wadudu wachache waliotawanyika shambani. Wanakufa kwa kiwango kinachofuata idadi yao, y. Lakini ili wazaane ni lazima wawili wakutane, na kukutana kunafuata y mara y. Kwa vipimo vilivyorahisishwa (y ikiwa kwa maelfu, na t ikiwa muda):

```
dy/dt = y^2 - y
```

Huu ni mlinganyo wa Bernoulli wenye n = 2. Ukigeuza alama zote mbili unapata ule wa Verhulst, Mbelgiji aliyeuchapisha mwaka 1838 kuelezea watu wanavyoongezeka hadi kufika kikomo. Wetu ni mkorofi zaidi. Tuanze na y = 2, kisha tuiachie tarakilishi ipige hatua ndogo ndogo za 0.1:

```
y = 2.0
for i in range(8):
    y = y + 0.1*(y*y - y)
    print(y)
```

Baada ya hatua nane, yaani t = 0.8, programu inatoa kama 13.09. Wadudu elfu kumi na tatu. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo, na namba inaonekana ya kawaida kabisa.

Sasa tumia mkato wa Leibniz. Hapa v = 1/y, na mlinganyo unakuwa dv/dt = v - 1. Tofauti kati ya v na 1 inakua kwa kasi inayolingana nayo yenyewe, kwa hiyo inafuata e^t. Mwanzoni y ni 2, kwa hiyo v ni nusu, na tofauti ni nusu chini ya 1. Basi:

```
v = 1 - 0.5*e^t
```

v inashuka taratibu na kufika sifuri pale e^t inapokuwa 2, yaani t ikiwa kama 0.693. Na v ikiwa sifuri, y, ambayo ni 1/v, haina kikomo. Jibu linaishia hapo. Ile 13.09 ya t = 0.8 ni namba ya kitu ambacho hakipo tena: tarakilishi iliruka juu ya shimo bila kuliona.

Tahadhari moja, hata hivyo. Ukiibandika t = 0.8 ndani ya fomula, v ni hasi, na y inatoka kama -8.87. Hiyo nayo si jibu. Wadudu hasi hawapo, na y iliyoanza juu ya sifuri haiwezi kuruka upande wa pili. Kwa hiyo ichunge alama ya v: inapofika sifuri, simamisha hesabu. Kwa v kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa inapita sifuri polepole, wakati y inapaa ghafla kiasi kwamba hatua ya 0.1 haiwezi kuifuata. Mfano wenyewe nao unakuambia kuwa umefika mwisho wa matumizi yake, maana shamba la kweli lina chakula cha kuisha.

Kuna kitu kingine mkato huu unakiangusha njiani. Tuligawanya kwa y^n, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Kwa hiyo jibu la y = 0 daima (shamba lisilo na mdudu hata mmoja) halitatokea kwenye v yoyote, ingawa linatimiza mlinganyo bila shida. Liandike pembeni kabla hujaanza kugawanya.

Jakob alifariki mwaka 1705. Umbo alilolichapisha bado linaitwa kwa jina lake, na v inayolinyoosha haina jina la mtu. Ukikutana na y^n kwenye programu yako, ihesabu hiyo v kwanza, halafu uangalie kama inagusa sifuri.