Maji Yaliyovaa Sifa za Mafuta

Kwa muda mrefu rosemari ilikuwa kichaka cha kawaida tu hapa Nairobi. Watu waliipanda kando ya geti, wakakata tawi moja siku ya kuchoma nyama, basi. Siku hizi kichaka hicho hakipumui. TikTok imejaa kina dada wanaochemsha majani, wanachuja, wanapuliza kichwani, na mwisho wa video wanatuonyesha nywele zinazofika mgongoni. Ukiwauliza ushahidi uko wapi, wengi wanasema utafiti ulishafanywa na rosemari ikalingana na dawa ya hospitali.

Utafiti upo kweli, nimeusoma. Shida ni kwamba hakuna aliyepuliziwa maji humo ndani. Nikaanza kujiuliza, haya maji yalipata wapi sifa zake?

Rosemari ni mmea wa pwani za Mediterania, na mojawapo ya sifa zake za kale kwenye urembo wa Ulaya ni kinywaji-manukato kilichoitwa Maji ya Malkia wa Hungaria. Hadithi yake ni tamu. Malkia mzee wa miaka 72, mwili umekakamaa kwa maumivu ya viungo, anapewa siri na mtawa wa jangwani. Anaitumia, anarudi ujana, mpaka mfalme anamposa. Johann Beckmann, Mjerumani wa karne ya 18 aliyeandika historia ya uvumbuzi, aliifuatilia hadithi hiyo na hakuiamini hata kidogo. Lakini tuachane na malkia, tuangalie kilichokuwa kwenye chupa. Kiliitwa maji, ila kilikuwa pombe kali iliyokenekwa pamoja na maua ya rosemari.

Hiyo tofauti ndiyo kiini cha mambo yote. Harufu ya rosemari inatoka kwenye mafuta yaliyojificha ndani ya jani, na mafuta hayo hayapatani na maji. Pombe huyavuta, mafuta mengine pia huyavuta, lakini maji yanachukua kidogo sana. Waliotangulia walilijua hili bila maabara. Mwaka 1861 Isabella Beeton alichapisha Uingereza kitabu chake maarufu cha mambo ya nyumbani, na ndani yake kuna dawa ya kukuza nywele: mafuta ya zeituni na spiriti ya rosemari kwa vipimo sawa, pamoja na matone machache ya mafuta ya kungumanga, upakwe kwenye mizizi kila usiku. Pombe na mafuta. Alidai nywele zingeongezeka upesi, na hakutoa uthibitisho wowote, lakini angalau alijua cha kuvutia mmea wake.

Majaribio ya kisayansi yalikuja baadaye sana. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Skotlandi, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa alopesia areata, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mizizi na kuacha viraka mviringo vya upara. Kundi moja lilisugua kichwa kila siku kwa mafuta ya rosemari, lavenda, taimu na mwerezi yaliyochanganywa kwenye mafuta laini. Kundi la pili lilisugua mafuta laini peke yake. Baada ya miezi 7, watu 19 kati ya 43 wa kundi la kwanza walipata nafuu, na 6 kati ya 41 wa kundi la pili. Si haba. Lakini yalikuwa mafuta manne kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua ni lipi lililofanya kazi.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Irani, mwaka 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa nusu kwa nusu: 50 wakapewa mafuta ya rosemari, 50 minoksidili ya asilimia 2. Baada ya miezi 3 hakukuwa na mabadiliko ya maana. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yaliongezeka kidogo, na hayakupishana. Kwa kundi la rosemari, hesabu ilipanda kutoka wastani wa nywele takriban 123 hadi 130 kwenye sehemu iliyopimwa. Nywele saba! Hizo hauzioni kwa kioo cha bafuni. Tena hakukuwa na kundi la tatu lililopakwa kitu kisicho na dawa, kwa hivyo tunachojua ni kwamba rosemari ilifanana na minoksidili hafifu iliyofanya kazi ndogo.

Kutoka hapo, mtandao ukatoa mafuta ukaweka maji, na sifa zikabaki zilezile.

Simaanishi umwage chupa yako. Maji ya rosemari yananukia vizuri, yanaburudisha ngozi ya kichwa, na ukiyamimina baada ya shampuu nywele zinakaa fresh. Kuyatengeneza ni rahisi. Chemsha nusu lita ya maji, zima moto, tia matawi matatu mabichi yaliyooshwa au vijiko viwili vya chakula vya majani makavu. Funika sufuria dakika 30, kwa sababu ile harufu inayojaza jikoni ndiyo mafuta yenyewe yanatoroka. Wengi wanachemsha saa nzima bila kifuniko, wakidhani rangi nyeusi ni nguvu. Wanachobaki nacho ni chai kali inayoweza kutia madoa nywele zilizopakwa rangi nyepesi. Chuja kwa kitambaa safi, acha ipoe, weka kwenye chupa iliyooshwa kwa maji moto, kisha friji. Baada ya wiki moja, mwaga hata kama imebaki nusu. Haina kihifadhi, na supu ya majani ni chakula cha bakteria na ukungu. Ukiona utando, ukungu, au ukisikia harufu ya uchachu kabla ya wiki kuisha, usijaribu kuichemsha upya.

Karafuu ambazo watu wanaongeza siku hizi, mimi ningeziacha. Zina yujenoli, ambayo huwasha ngozi za baadhi ya watu. Na ukitaka kujaribu kilichojaribiwa, yaani mafuta, weka matone 6 ya mafuta halisi ya rosemari kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au jojoba. Yajaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaopuliza maji haya kwenye nywele za mbele zinazorudi nyuma, huku wamesukwa vizuri mpaka nyusi zimeinuka. Upara wa kuvutwa ulielezwa na madaktari tangu 1907, kwa wanawake wa Grinlandi waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza. Hakuna aliyejaribu rosemari kwa upara wa aina hii katika tafiti nilizozitaja. Dawa yake ya kwanza ni kulegeza msuko au kuufumua, na mapema. Mwambie msusi kabla hajaanza. Ukiona vipele vidogo kwenye mashina au ukishindwa kulala usiku wa kwanza, amekaza. Simama mbele ya dirisha mchana utazame ngozi ya pembeni mwa paji. Ukiona bado kuna vitundu na vinywele vidogo, kuna nafasi. Ikiwa ngozi imekuwa laini na inang'aa bila vitundu, mizizi huenda imekufa, na hapo ni daktari wa ngozi, wiki hii, si baada ya chupa ya miezi sita.