Maumivu ya mbavu wakati wa ujauzito

Maumivu ya mbavu wakati wa ujauzito ni hali ya kuuma, kubanwa au kusukumwa chini ya mbavu, ambayo wajawazito wengi huipata katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa kawaida husababishwa na mji wa mimba unaopanda juu na kuisukuma mbavu kutoka ndani. Maumivu ya aina hii hubadilika mama anapobadilisha mkao. Maumivu yasiyobadilika kwa mkao wowote yanaweza kuwa na chanzo kingine, hasa shinikizo la damu la ujauzito, na huhitaji kupimwa siku hiyohiyo.

## Sababu

Mji wa mimba hukua kuelekea juu. Katika wiki ya 12 ncha yake ya juu huanza kuguswa juu kidogo ya mfupa wa kinena, katika wiki ya 20 huwa karibu na kitovu, na kufikia wiki ya 36 huwa karibu na ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Hapo ini, tumbo la chakula na matumbo huwa yamesukumwa juu. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hupanda kwa takriban sentimita 4.

Kifua hujitengenezea nafasi kwa kupanuka. Homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia mbavu, nazo mbavu za chini hufunguka kwenda pembeni, hata mzunguko wa kifua ukaongezeka kwa sentimita 5 hadi 7. Kuvutwa huko kwa kano na misuli kunauma, hata kabla mtoto hajafika karibu na mbavu. Ndiyo maana wengine huona sidiria zinawabana mapema, na ukanda wa sidiria uliobana huongeza maumivu.

Mara nyingi upande wa kulia ndio huuma zaidi, kwa kuwa mji wa mimba huelekea kulala upande huo. Mkao wa mtoto nao una sehemu yake. Aliyetanguliza kichwa hupiga mateke chini ya mbavu. Aliyetanguliza matako huweka kichwa huko juu, na mama huhisi kitu kigumu cha mviringo kikimsukuma.

Katika mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto mara nyingi hushuka kwenye nyonga wiki chache kabla ya kujifungua, na mbavu hupata nafuu. Kwa waliokwisha kuzaa, huenda kisishuke mpaka uchungu unapoanza.

## Kukaa

Anayekaa huku amejikunja mbele huzishusha mbavu zake juu ya mji wa mimba. Kigoda kifupi hufanya hivyohivyo kutoka chini, kwa sababu magoti hupanda na mapaja kulisukuma tumbo. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kurefusha nafasi kati ya mbavu na nyonga.

Kiti kinachofaa ni kile kinachoacha nyonga zikiwa juu kidogo kuliko magoti, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini. Kiti kikiwa kifupi, huwekwa mto mgumu au kanga zilizokunjwa juu yake. Kanga nyingine iliyoviringishwa huwekwa nyuma ya kiuno. Magoti huachanishwa ili tumbo lipate mahali pa kukaa. Anayekaa kwenye mkeka huegemea ukuta, akikalia mto ili nyonga ziinuke. Hata mkao mzuri huchosha, hivyo ni vyema kusimama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa.

Upande mmoja ukibana ghafla, mama huinua mkono wa upande huo juu ya kichwa na kuinama polepole kuelekea upande wa pili, akikaa hivyo kwa pumzi tatu au nne. Njia nyingine ni kupiga magoti na kuweka mikono chini ili tumbo lining'inie, jambo linaloondoa uzito kwenye mbavu.

Usiku hufaa kulala kwa ubavu, mto mmoja ukiwa kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Kulala chali hakushauriwi katika miezi ya mwisho, kwa sababu mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

## Kupumua

Wajawazito wengi huhisi kuishiwa pumzi hata wakiwa wamekaa. Homoni ya projesteroni huuamuru ubongo kuvuta hewa zaidi, na kila pumzi huwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla ya mimba. Hisia hiyo peke yake, ikija taratibu, haimaanishi kwamba mtoto anakosa hewa.

Kwa kuwa tumbo halina tena nafasi ya kufutuka kwenda mbele, pumzi huelekezwa pembeni. Mama hukaa wima na kuweka viganja pande zote mbili za mbavu za chini. Huvuta hewa kwa pua polepole, akihisi mbavu zikivisukuma viganja kwenda nje, huku mabega yakibaki chini. Kisha huitoa kwa mdomo, taratibu kuliko alivyoivuta. Pumzi tano au sita zinatosha kwa mara moja. Kizunguzungu au ganzi ya vidole huonyesha kwamba anapumua kwa nguvu mno, naye anapaswa kurudi kwenye pumzi za kawaida.

## Mfano

Fundi cherehani mwenye mimba ya kwanza ya wiki 32 huumwa chini ya mbavu za kulia kila alasiri. Hukaa kwenye kigoda, ameinamia mashine. Akisimama na kuinua mikono, maumivu hupungua ndani ya dakika chache. Shinikizo lake la damu kliniki ni 110 kwa 70. Anabadilisha kigoda kwa kiti kirefu, anakisogeza karibu na mashine, na anasimama kila amalizapo vazi. Baada ya siku kadhaa maumivu yanapungua sana. Haya yalikuwa maumivu ya mkao.

Katika wiki ya 35 anaamka akiumwa mahali palepale. Safari hii maumivu ni ya mfululizo: kusimama, kuinama wala kulala ubavu hakuyapunguzi. Anaumwa pia kichwa na uso umevimba. Kituo cha afya kinampima na kukuta 150 kwa 100, na protini katika mkojo. Hiyo ni priklampsia, hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba, na maumivu yalitoka kwenye ini lililoathirika. Anapelekwa hospitali. Kama angeyachukulia kuwa maumivu yaleyale ya kiti, angechelewa.

## Dalili za hatari

Priklampsia hutokea baada ya wiki ya 20, na shinikizo huhesabiwa kuwa la juu kuanzia 140 kwa 90. Mjamzito anapaswa kwenda kituo cha afya bila kusubiri tarehe ya kliniki iwapo maumivu ya chini ya mbavu ni makali au hayabadiliki, au yanaambatana na kuumwa kichwa, kuona ukungu au vimulimuli, kutapika, au kuvimba ghafla uso na mikono.

Kukosa pumzi kwa ghafla, kuchomwa kifuani wakati wa kuvuta hewa, kukohoa damu au kuvimba mguu mmoja huweza kuonyesha damu iliyoganda. Homa na ngozi ya manjano pia huhitaji kupimwa.

Ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe kutuliza maumivu haya bila ushauri wa daktari, kwa kuwa katika nusu ya pili ya mimba zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Dawa yoyote ya kutuliza inaweza pia kuficha maumivu yaliyopaswa kupimwa.