Dhambi isiyosameheka: waandishi wa Yerusalemu walisema nini?

Waandishi walioshuka Galilaya kutoka Yerusalemu hawakuwa wapita njia. Walikuwa wasomi wa Torati, watu ambao neno lao lilisikilizwa kama hukumu, na walikuwa wametembea siku kadhaa kumfikia mhubiri wa Nazareti aliyesifika kwa kutoa pepo. Marko anasimulia katika sura ya 3 kwamba nyumba ilijaa hadi Yesu na wanafunzi wake wakakosa hata nafasi ya kula. Hapo ndipo wageni wale walipotoa kauli yao: nguvu anazotumia kuwatoa pepo amepewa na Beelzebuli, mkubwa wa pepo wenyewe.

Kauli hiyo ndiyo iliyozaa onyo ambalo limewanyima usingizi Wakristo wengi kwa karibu miaka 2,000, kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hana msamaha milele. Onyo hilo mara nyingi hunukuliwa peke yake. Mtu aliyewahi kutamka neno baya kwa hasira, au aliyepitiwa na wazo chafu akiwa katika sala, huanza kujiuliza kama mlango umekwisha kufungwa. Jibu linahitaji kurudi kwenye nyumba ile na kuangalia nani alisema nini, na kwa nani.

Kwanza, tuhuma yenyewe ilikuwa nzito. Katika sheria ya Musa, uchawi ulikuwa kosa la kifo. Kumwita mtu wakala wa mkuu wa pepo mbele ya umati kulikuwa kumweka karibu na adhabu hiyo, tena kuwatisha wote waliokuja kwake kutafuta uzima. Tuhuma hiyo ilidumu: karibu mwaka 160, Yustino Mfiadini anaitaja akieleza jinsi wapinzani walivyomwita Yesu mchawi, na Talmudi ya Babeli nayo inamhusisha na uchawi karne kadhaa baadaye.

Pili, hakuna aliyekana kwamba pepo walitoka. Kupunga pepo kulikuwa jambo la kawaida kwa Wayahudi wa karne ya 1. Mwanahistoria Yosefo anasimulia kwamba alimwona kwa macho yake Myahudi aitwaye Eleazari akipunga pepo mbele ya Vespasiani. Alimnusisha mgonjwa pete yenye mzizi wa dawa ndani yake, akamvuta pepo kupitia puani, kisha akamwamuru apindue chombo cha maji kilichowekwa kando ili watazamaji wajue ametoka kweli. Kwa hiyo ubishi wa Galilaya haukuwa juu ya kilichotokea. Ulikuwa juu ya chanzo cha nguvu.

Yesu alijibu kwa hoja. Ufalme unaopigana wenyewe kwa wenyewe hauwezi kusimama. Kama Shetani anamfukuza Shetani, basi utawala wake umefika mwisho. Mathayo na Luka wanaongeza swali: wapo watu wenu wanaotoa pepo, je, wao wanatumia nguvu za nani? Kisha ukaja mfano wa mtu mwenye nguvu. Hakuna anayeweza kuiba nyumbani mwa mtu wa namna hiyo bila kumfunga kwanza. Maana yake ilikuwa wazi: mnayemwona akinyang'anywa mateka ni Shetani, na aliyemfunga ni Mungu.

Onyo linafuata hapo, na lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza husahaulika: watu watasamehewa dhambi zote, hata matusi yao yote. Ni ahadi pana sana. Sehemu ya pili inataja jambo moja tu lisiloingia katika upana huo. Na kana kwamba Marko alihofia wasomaji wangelichukua jambo hilo kwingine, anaweka maelezo yake mwenyewe: Yesu alisema hivyo kwa sababu wale walikuwa wakidai ana pepo mchafu. Hapo mwinjili anasimama kando ya simulizi na kutoa sababu waziwazi.

Marko anafanya jambo jingine ambalo msomaji wa haraka hulipita. Kabla tu ya waandishi kusema, jamaa za Yesu wamekuja kumchukua kwa nguvu, wakidhani amerukwa na akili. Mara baada ya onyo, mama yake na ndugu zake wanasimama nje wakimwita. Simulizi la waandishi limewekwa katikati ya habari ya jamaa. Jamaa nao walimkosea, tena vibaya, lakini onyo la dhambi isiyosameheka halikuelekezwa kwao. Wao walikosa kuelewa. Na Yakobo, ndugu yake, baadaye anaonekana katika barua za Paulo kama nguzo ya kanisa la Yerusalemu.

Waandishi walikuwa katika hali nyingine. Walikuwa na elimu ya kutambua kazi ya Mungu, waliona mtu akifunguliwa, kisha wakatumia elimu hiyohiyo kuipa kazi hiyo jina la Shetani. Mathayo, katika sura ya 12, anaiweka tofauti hiyo wazi: neno dhidi ya Mwana wa Adamu lasameheka, dhidi ya Roho halisameheki. Mtu anaweza kumtazama seremala wa Nazareti asijue ni nani. Lakini anayeona uponyaji ukitendeka na kuuita uovu anaikataa nguvu ileile inayoweza kumponya yeye.

Luka analiweka neno hilo mahali pengine kabisa, katika sura ya 12, ambapo wanafunzi wanaambiwa watafikishwa mbele ya masinagogi na watawala, na kwamba Roho atawafundisha la kusema. Kwake, onyo linawahusu watu wakati wa mateso na ushuhuda. Kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, Didake, nacho kinalitumia kuwazuia waumini wasimjaribu nabii anaponena katika Roho. Mapema kabisa, basi, neno lilianza kuhama kutoka nyumba ile.

Mababa wa Kanisa walihangaika nalo. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia karibu mwaka 390, alisema kwamba wengi waliotamka kufuru ile baadaye waliamini, wakasamehewa yote. Agostino, mapema karne ya 5, aliliona swali hili kuwa miongoni mwa magumu kuliko yote katika Maandiko, akahitimisha kwamba dhambi hiyo ni moyo unaokataa kutubu mpaka kifo. Jibu lake linakwenda mbele kuliko anachosema Marko, lakini halipingani naye: msamaha haukosekani kwa Mungu, unakosekana kwa anayeukataa.

Kwa hiyo anayetetemeka akijiuliza kama ameitenda dhambi hii, na anayetamani kusamehewa, hayuko walipokuwa waandishi. Wao hawakuogopa wala hawakuomba chochote. Walikuwa na uhakika. Onyo lilitolewa kwa wenye mamlaka ya kuamua mbele ya watu kazi ipi ni ya Mungu na ipi ni ya Shetani. Mhubiri anayelitumia kuwatisha waumini wanyonge amelipeleka kwa wasiohusika. Yeye mwenyewe, anayesimama mbele ya watu na kutoa hukumu juu ya roho inayofanya kazi kwa wengine, ndiye anayepaswa kulisikiliza kwanza.