Kununua kampuni kwa rehani ya kampuni yenyewe

Mashabiki wa Manchester United hapa Niboye ni wengi, na jina la Glazer hulitamka kwa hasira hata timu inaposhinda. Ukiwauliza kosa lake ni nini, wengi watakwambia ni ubahili. Mimi naona jibu limo katika namna klabu ilivyonunuliwa mwaka 2005. Mbinu ile ina jina lake katika biashara, na magazeti ya uchumi huifupisha kwa herufi tatu: LBO. Kwa Kiswahili bado kila mwandishi anaitafsiri anavyojua.

Kiini chake ni hiki: mnunuzi anatoa fedha zake kidogo, anakopa nyingi, na mali ya kampuni anayoinunua ndiyo inayowekwa rehani. Baada ya ununuzi, faida ya kampuni hiyo hiyo ndiyo inayolipa mkopo.

Dereva wa moto pale Kicukiro analielewa jambo hili upesi. Ananunua pikipiki kwa mkopo, pikipiki yenyewe ni dhamana, na nauli za abiria ndizo zinazolipa. Lakini mfano huu unafika mahali unakwama. Anayewajibika kwa deni la pikipiki ni dereva, na pikipiki haina wafanyakazi wala wauzaji wanaoidai. Kampuni inao, na deni linapowekwa juu yake wote hao wanaingizwa katika mkataba ambao hawakuusaini.

Kwa sababu hiyo siridhiki na tafsiri ya "ununuzi kwa mkopo". Haisemi anayelipa ni nani. Wengine wanapendekeza "ununuzi kwa wenzo", kwa kuwa neno la Kiingereza "leverage" limetokana na wenzo wa kunyanyulia mizigo. Ni tafsiri sahihi ya neno, ila msomaji haoni rehani wala deni. Mimi naandika "ununuzi kwa rehani ya kampuni yenyewe". Ni refu, lakini kila anayejua kuweka shamba rehani ataelewa nini kiko hatarini.

Sasa tuirudie Manchester. Malcolm Glazer, mfanyabiashara wa Marekani, alianza kununua hisa za klabu kidogo kidogo mwaka 2003. Mei 2005 alinunua fungu kubwa la Waayalandi wawili, J.P. McManus na John Magnier, kwa pauni 3 kwa hisa, na siku chache baadaye akavuka asilimia 75. Kwa bei hiyo klabu nzima ilikuwa na thamani ya pauni milioni 790 hivi. Zaidi ya milioni 500 kati ya hizo zilikuwa za kukopa, na klabu ambayo hadi hapo haikuwa na deni la maana ikajikuta inadaiwa.

Asilimia 75 ndiyo kiungo cha hadithi hii. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilizuia kampuni ya umma kumsaidia mtu kifedha anunue hisa zake, na kuweka mali yake rehani kwa ajili ya mnunuzi ni msaada wa aina hiyo. Kampuni binafsi iliruhusiwa, mradi wakurugenzi wake waape kwamba itaweza kulipa madeni yake katika miezi 12 inayofuata. Mwenye robo tatu ya kura anaweza kupitisha uamuzi wa kuigeuza kampuni ya umma kuwa binafsi. Klabu ikaondolewa katika Soko la Hisa la London mwezi Juni, na njia ya kuweka rehani ikafunguka. Ukisikia mnunuzi anasisitiza kupata asilimia 75 na kuitoa kampuni sokoni, uliza mkopo wake umedhaminiwa na nini. Kenya, katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, nayo imeweka katazo kama hilo kwa kampuni za umma.

Mikopo ya Glazer ilikuwa ya namna mbili. Mmoja ulitoka benki, ukadhaminiwa na mali ya klabu. Wa pili ulitoka kwa mifuko ya wawekezaji ya Marekani, na huo ndio uliotisha zaidi: riba yake haikulipwa kila mwaka bali iliongezwa juu ya deni. Ulipopangwa upya mwaka 2006 riba ilizidi asilimia 14, na kwa kasi hiyo deni hukaribia kuwa maradufu katika miaka mitano. Mwaka huo deni lote lilifika pauni milioni 660, na riba ya mwaka milioni 62. Januari 2010 klabu ikauza hati fungani za pauni milioni 500 hivi ili kuilipa benki, na mashabiki wakaanza kuvaa skafu za kijani na njano, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu.

Kwa nini mtu achague njia hii? Tufanye hesabu kwa kiwanda cha kufikirika hapa Niboye. Bei yake ni faranga bilioni 1. Mnunuzi ana milioni 300, anakopa 700 kwa riba ya asilimia 16, kisha anapunguza deni kwa milioni 70 kila mwaka. Kiwanda kinapata milioni 250 kabla ya riba na kodi. Mwaka wa kwanza riba ni milioni 112. Kwa kuwa riba hutolewa kabla ya kukokotoa kodi, kodi ya asilimia 28 inatozwa kwenye 138 zilizobaki, nayo ni karibu milioni 39. Ukitoa na ile 70 ya deni, zinabaki milioni 29 za kutengeneza mashine na kila dharura.

Baada ya miaka mitano deni limebaki 350. Akikiuza kwa bei ile ile ya bilioni 1, anaondoka na 650 kwa 300 alizoweka, ingawa kiwanda hakikukua hata kidogo. Hapo ndipo utamu wa wenzo ulipo.

Lakini faida ya mwaka wa kwanza ikishuka hadi milioni 180, riba na deni pekee vinadai 182. Kiwanda kisicho na deni kingeuita mwaka huo mbaya tu, kikaendelea. Hiki kinaingia mikononi mwa benki huku bidhaa zake zikiuzika. Dalili huonekana mapema: gawanya faida kwa riba. Hapo mwanzo ni zaidi ya mara 2. Inapokaribia 1, mashine haitengenezwi na wauzaji wanalipwa kwa kuchelewa.

Manchester haikufika huko kwa sababu fedha za televisheni na wadhamini ziliongezeka kwa kasi kuliko riba. Mwaka 2012 hisa ziliuzwa New York kwa dola 14 kila moja, na nusu hivi ya mapato ikapunguza deni; nusu nyingine ikaenda kwa familia. Hata Jim Ratcliffe aliponunua zaidi ya robo ya klabu mwaka 2024, deni lilikuwa bado lipo.

Hapa Rwanda sijaona ununuzi mkubwa wa aina hii ukitangazwa. Nadhani ni kwa sababu riba ni ya juu, na benki hupenda dhamana ya ardhi kuliko ahadi ya faida ijayo. Hata hivyo rehani juu ya mali ya kampuni husajiliwa kwa Msajili Mkuu, katika RDB. Anayeiuzia kampuni bidhaa kwa mkopo, akisikia imepata mmiliki mpya, aanzie kwenye daftari hilo: aangalie rehani ya karibuni imeandikwa tarehe gani, na kama tarehe hiyo inafuatana na siku ya mauzo.